Kijana wa Miezi Minane: Maneno ya Umri Kwenye Fomu za Lamu

Mama wa Kiamu akisema "kiyana changu hakulala usiku, meno yamtoka", hakuna anayeuliza huyo kiyana ana miaka mingapi. Ni wa miezi minane, labda tisa. Kiyana ni kijana tu, j imekuwa y kama ilivyo ada ya Lamu, na wakiwa wengi huwa ziyana. Sasa mama huyo huyo mpe fomu iliyopigwa chapa Nairobi, yenye mstari "Idadi ya vijana katika nyumba". Ataandika wanne: wa miezi minane, wa miaka mitatu, wa sita na wa kumi na mmoja. Aliyetunga fomu alitaka watu wa miaka 18 hadi 34, kwa sababu kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010 kinawahesabu vijana kuwa ni waliotimiza miaka 18 na hawajatimiza 35. Mama amejibu sawasawa swali alilolisoma. Fomu ndiyo iliyokuwa na swali jingine kichwani.

Maneno yetu ya umri yanaeleza hali ya mtu: ananyonya, anatambaa, amelikizwa, amevunja ungo, ameoa. Sheria na takwimu zinataka tarehe. Mtafsiri akichukua neno la hali akalibandika juu ya tarehe bila kuitaja tarehe yenyewe, mzigo unamwangukia karani wa dirishani, ambaye hakuitunga fomu wala hana ruhusa ya kuibadilisha.

Tuanze na aliyezaliwa jana. "Mtoto mchanga" ni neno zuri na kila mtu analielewa, ila kila mtu analipa urefu wake. Kwa wahudumu wa afya, kichanga ni mtoto wa siku 28 za mwanzo, na siku aliyozaliwa ni siku ya 0, kwa hiyo ya mwisho ni siku ya 27. Baada ya hapo hadi mwisho wa mwezi wa 11 bado yumo katika hesabu ya watoto wa chini ya mwaka mmoja, lakini si kichanga tena katika ripoti. Nyumbani kipimo ni arobaini. Mama na mtoto wako ndani, mtoto ni mchanga, basi, na hakuna siku ya 28 inayojulikana kwa yeyote.

Chukua mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Juni. Kwa hesabu ya kituo cha afya, uchanga wake unakwisha tarehe 28 Juni. Kwa hesabu ya nyumbani, ambapo siku ya kuzaliwa yenyewe ni ya kwanza, arobaini inatimia tarehe 10 Julai. Akifariki tarehe 5 Julai, familia itasema amefariki mtoto wa arobaini, mchanga, na karani akiandika "kichanga" ameingiza kifo hicho mahali si pake: siku ya 34 haimo katika vifo vya siku 28 za mwanzo, imo katika vifo vya chini ya mwaka mmoja. Takwimu hizo mbili hutumika kwa mambo tofauti. Ya kwanza huwaambia watu habari za uzazi wenyewe na huduma ya siku zile za awali. Ya pili inachanganya na kuhara, homa ya mapafu na malaria. Dawa yake ni ndogo: kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, fomu iulize umri kwa siku, na anayejaza aandike namba.

Mtoto huyo huyo ana hesabu ya tatu. Chanjo ya wiki 6 inaangukia tarehe 13 Julai, siku 42 baada ya kuzaliwa, na njia rahisi ya kuijua ni kwamba lazima iwe siku ile ile ya juma aliyozaliwa. Akizaliwa Jumatatu, ni Jumatatu. Mhudumu anayemwambia mama "njoo baada ya arobaini" amekusudia kumsaidia, na mama atafika tarehe 10 akiwa amejifukiza na kujitanda, mtoto katiwa wanja, kisha aambiwe bado siku tatu. Kwa anayekaa Langoni mjini Lamu ni usumbufu. Kwa anayetegemea mashua ni nauli mara mbili, na wengine ile safari ya pili hawaifanyi. Tarehe iandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto, na "arobaini" iachiwe nyumbani.

Kuhusu mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, yule ambaye Kiingereza kina neno moja kwa ajili yake, Kiswahili hakina neno moja na wala hakijaumia. Kina kusimama dede, kina kutambaa, kina kulikizwa ziwa. Kila moja ni tukio. Mtafsiri anayetafuta neno la jumla huangukia "mtoto mdogo", ambalo lina kosa lake nitakalolifikia. Kwenye fomu andika "mtoto wa miezi 12 hadi 35" na uende zako.

Hilo "hadi" nalo linataka uangalizi. Kipimo cha mkono cha kutambua utapiamlo, ule ukanda wenye rangi nyekundu, manjano na kijani, ni cha watoto wa miezi 6 hadi 59. Mtoto wa miezi 59 na siku 20 bado ana miezi 59, anapimwa. Akitimiza miezi 60 ametoka. Sasa fasiri ya haraka husema "watoto wa miaka 5 na chini". Maneno hayo yanamkaribisha mtoto wa miaka mitano na miezi kumi na mmoja, yaani umeongeza mwaka mzima ambao ukanda haukukusudiwa. "Chini ya miaka 5" ni sahihi. "Hadi miaka 5" inategemea msomaji: mmoja ataishia siku ya kutimiza mitano, mwingine ataendelea mpaka siku ya kuamkia sita. Ukitumia miezi, ubishi huu hauwezi kuzuka.

Pagumu zaidi kwa Mwambao ni katikati, pale penye balehe.

Shirika la Afya Duniani linawahesabu watu wa miaka 10 hadi 19 kama kundi moja, na wafasiri wengi, hasa wa Tanzania, wameliita "vijana balehe" au "rika balehe". Kwa makala ya kitaalamu neno limekaa. Kwenye karatasi inayopelekwa nyumbani Lamu au Malindi lina shida mbili. Ya kwanza, balehe kwetu ni tukio la mwili lenye hukumu za dini: aliyebaleghe analazimika sala na saumu, na dhambi zake ni zake. Ya pili, kwa msichana ni habari ya ndani ya nyumba. Kiswahili cha zamani kinampambanua kwa ukali: kigori ni yule ambaye bado hajavunja ungo, mwali ni yule aliyevunja. Wavulana hawakupewa maneno ya namna hiyo. Wana barubaru, na barubaru siku hizi magazetini ni mwanamume wa miaka 25 mwenye pikipiki. Lugha iliwapambanua wasichana kwa sababu ndio waliokuwa wanaposwa.

Sasa angalia fomu ya ridhaa ya chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Kenya ilipoianzisha mwaka 2019 iliwalenga wasichana wa miaka 10. Wengi wa umri huo ni kigori. Karatasi ikisema "chanjo kwa wasichana balehe", mzazi wa kigori ataiweka kando kwa nia njema kabisa: haimhusu mwanawe, akibaleghe watamwita. Mzazi mwingine atauliza nani aliyewaambia walimu kwamba bintiye amebaleghe. Wote wawili wamesoma vizuri. Chanjo inatolewa mapema makusudi, kwa sababu inataka kuwahi kabla ya virusi, na neno "balehe" linaficha hilo hilo ambalo karatasi ilipaswa kulieleza. "Wasichana waliotimiza miaka 10" yatosha, na haligusi mambo ya ndani ya mtu.

Kwa hiyo mimi huiweka balehe mahali pake, kwenye maswali ya balehe. Ukitaka miaka 10 hadi 19, andika miaka 10 hadi 19. Kenya kuna neno "matineja", nalo lina ukweli wake, ila linaanza kwenye 13 na wazee wengi hawalitumii.

Halafu tufike kwenye sheria, na lile kosa la "mdogo".

Fomu za Kiingereza zina neno moja fupi, "minor", la mtu ambaye hajafikia umri wa kujisimamia kisheria. Maana ya kwanza ya neno hilo katika kamusi ni "dogo", na ndiyo inayomponza mfasiri: anaandika "mdogo" au "mtoto mdogo". Kwetu mdogo ni ndugu aliyezaliwa nyuma yako. Mzee wa miaka 60 ana mdogo wake wa miaka 55. Na mtoto mdogo ni huyu wa kubebwa, hata wa miaka saba watu wanaanza kukataa kumwita hivyo. Ukiuliza "Je, marehemu ameacha watoto wadogo?" mjane mwenye mvulana wa miaka 16 anayejua kupanda mlingoti na kufunga foromali atajibu hapana bila kusita.

Jibu hilo lina gharama. Mali ya marehemu inapokuwa na fungu la mtu aliye chini ya miaka 18, fungu lile linashikwa kwa amana mpaka afikie umri. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 58, inasema amana ya namna hiyo ikizuka, usimamizi wa mirathi hautolewi kwa mtu mmoja peke yake, isipokuwa awe Mdhamini wa Umma au shirika la udhamini. Wanatakiwa wasimamizi wasiopungua wawili na wasiozidi wanne. Mjane aliyejibu "hapana" ataomba peke yake. Kwenye orodha ya warithi, jina la mvulana litakuwapo na umri wake 16 kando yake, na atakayesoma jalada ataona orodha haipatani na ombi. Karatasi zitarudi, atafutwe mwombaji wa pili, saini na viapo vianze upya. Yote kwa sababu ya neno "wadogo". Kwa Waislamu mafungu yenyewe yanagawanywa kwa sharia, lakini taratibu za usimamizi ni suala jingine, ndiyo maana familia inayosema "sisi twagawa kidini" bado hukutana na swali hili.

Na "watoto" peke yake haliokoi. Watoto wa marehemu ni pamoja na bintiye wa miaka 50 mwenye wajukuu. Kiswahili kina mtoto wa nasaba na mtoto wa umri kwa neno moja, na Katiba inalitumia kwa maana ya pili: ambaye hajatimiza miaka 18. Kwa hiyo swali liwe mawili. "Taja watoto wote wa marehemu na tarehe zao za kuzaliwa." Kisha: "Kati yao, nani hajatimiza miaka 18 leo?" Ni marefu kidogo, na yanabana kwenye kisanduku. Kisanduku kiongezwe.

Nimeandika "hajatimiza" mara nyingi, kwa sababu ndilo neno lenye kazi. "Ana miaka 18" kwa wazee huweza kuwa ameingia mwaka wa 18, yaani ana 17 na kitu. Sheria zetu zote zinahesabu miaka iliyokwisha. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kwa jinai hata kidogo, na wa chini ya 14 huchukuliwa kwamba hajui kupambanua jema na baya, mpaka mahakama iridhishwe vingine kwa ushahidi. Kabla ya hapo mpaka wa chini ulikuwa miaka 8. Mvulana wa Malindi aliyeshikwa na simu isiyo yake, ambaye nyanyake anasema "ana kumi na mbili", anaweza kuwa ndani ya ulinzi huo kamili au nje yake kwa miezi mitatu, kutegemea kama nyanya amesema ameitimiza au ameiingia. Afisa anayeandika maelezo aulize: "Katimiza kumi na mbili, au yuaiendea?" Swali hilo kila nyanya analijibu.

Tutazame kesi moja mpaka mwisho. Mvulana wa Lamu hana cheti, na mamake anasema: alizaliwa Maulidi, mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, mwanzo wake.

Vurugu zile zilianza mwisho wa Desemba 2007 na zikaingia 2008, kwa hiyo Maulidi ni ya 2008. Mwezi wa Maulidi kwetu ni Mfungo Sita, ukihesabu Mfungo Mosi kuwa ni mwezi wa Idi ya kufungua. Mwaka wa Hijria ni 1429, na tarehe 12 ya Mfungo Sita iliangukia Alhamisi, 20 Machi 2008, kwa kalenda; muandamo wa mwezi waweza kuisogeza siku moja. Karani mgeni ataandika tarehe hiyo na kufunga daftari. Ila mtu wa Lamu atauliza kwanza: Maulidi ipi? Sherehe kubwa ya Msikiti wa Riyadha husomwa wiki ya mwisho ya mwezi ule, na wengi wakisema "Maulidi" ndiyo wanayokusudia, wakati mji umejaa wageni na punda wanashindanishwa. Hiyo ingekuwa mwanzoni mwa Aprili. Tayari tuna tofauti ya wiki mbili.

Tuseme mama anasema ni ile tarehe 12 ya Mfungo Sita yenyewe, usiku wa Alhamisi, saa nne. Hapa tena pana mtego. Usiku wa Alhamisi kwa Waswahili ni usiku wa kuamkia Alhamisi, kwa sababu siku inaanza jua likizama. Kwa kalenda ya ofisi, hiyo ni Jumatano, 19 Machi, saa nne za usiku. Ingekuwa Alhamisi yenyewe baada ya magharibi, mama angesema "Alhamisi usiku" au usiku wa Ijumaa. Kadi ya kliniki ikipatikana, tarehe ya chanjo ya kwanza itathibitisha au kukanusha.

Basi huyu ni wa 19 Machi 2008. Ametoka utotoni lini? Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa Mwambao, kama dalili za mwili hazikutokea mapema, mtu anahesabiwa amebaleghe akitimiza miaka 15 ya mwandamo. Mwaka wa mwandamo una siku 354 au 355, kwa hiyo miaka 15 yake ni kama miaka 14 na miezi sita na nusu ya kalenda ya ofisi. Kwa mvulana wetu hiyo ni Maulidi ya Oktoba 2022. Kwa sala na saumu, tangu siku hiyo ni mtu mzima, na mamake atamwita hivyo bila uongo.

Mama akihesabu miaka 18 kwa Maulidi kumi na nane, anafika mwanzoni mwa Septemba 2025. Hapo ndipo anapompeleka mwanawe kuomba kitambulisho, na anarudishwa, kwa sababu kwa kalenda ya Serikali mvulana atatimiza tarehe 19 Machi 2026. Miezi sita na nusu imepotea wapi? Haikupotea; ni zile siku kumi na moja za kila mwaka, zikijumlishwa mara 18. Karani akimwambia mama "umekosea umri wa mwanao", ni yeye aliyekosea. Mama hakukosa hata Maulidi moja.

Na katika miezi hiyo ya katikati, mvulana yuko mara mbili kwa wakati mmoja. Akitaka kuoa Januari 2026, hata kama kijiji kizima kinajua amebaleghe tangu zamani, kifungu cha 4 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 kinasema anayeoa au kuolewa awe ametimiza miaka 18. Akitakiwa kufanyiwa upasuaji wa henia Februari, anayetia saini ridhaa ni mzazi au mlezi, si yeye. Hapo "mlezi" nalo lina kivuli chake: kwetu anayemlea ni mlezi, awe shangazi, awe jirani, na "walii" ni wa kuoza. Hospitali inamtaka mwenye mamlaka ya kisheria, hivyo fomu iandike "mzazi au mlezi wa kisheria", na karani aulize kama kuna karatasi inayompa huyo shangazi mamlaka hayo.

Kisanduku chenyewe, kwa fomu ya Lamu, kingeandikwa hivi: "Tarehe ya kuzaliwa kwa kalenda ya kizungu: siku, mwezi, mwaka. Kama unaijua kwa Hijria tu, andika tarehe, mfungo na mwaka, na sema kama ilikuwa mchana au usiku. Je, leo ametimiza miaka 18? Kama bado, mzazi au mlezi wa kisheria atie saini hapa." Hakuna mdogo, hakuna balehe, hakuna kijana. Kiyana wa miezi minane akifika na meno yake mawili, tarehe yake itaingia humo bila kubishana na mtu.